Wiki tatu na chai ya kamomaili: usingizi haukubadilika sana, midomo ikaanza kuwasha

Nilianza kunywa chai ya kamomaili kwa sababu nilikuwa nikizima taa saa tano za usiku na kubaki macho mpaka saa saba, kichwa kikizunguka na mambo ya kesho. Wasiwasi na kukosa usingizi vilikuwa vimeshikana, sijui kipi kilimvuta mwenzake.

Niliinywa kwa utaratibu: pakiti moja ndani ya kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka, nafunika na kisahani dakika kumi ili mafuta ya ua yasipotee na mvuke, kisha nakunywa kama saa moja kabla ya kulala. Kila asubuhi niliandika kwenye daftari nilichukua muda gani kupata usingizi na niliamka mara ngapi.

Daftari ndilo lililonifungua macho. Nilihisi nimetulia zaidi, hilo silikani, na kile kitendo cha kukaa kimya nimeshika kikombe cha moto kilinisaidia. Lakini nilipolinganisha siku kumi za kwanza na siku kumi kabla sijaanza, muda wa kusinzia ulikuwa karibu uleule, na kuamka katikati ya usiku hakukupungua.

Baadaye nilisoma utafiti wa mwaka 2011 uliofanywa kwa watu 34 wenye shida sugu ya usingizi. Walimeza vidonge vya kamomaili, miligramu 270 mara mbili kwa siku, kwa siku 28, na usingizi wao haukutofautiana kwa maana na wa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa wasiwasi mambo ni afadhali kidogo: yapo majaribio madogo yaliyoonyesha nafuu ya kiasi, ila nayo yalitumia vidonge vyenye kipimo kinachojulikana. Kikombe cha chai hakina kipimo hicho, kwa hiyo mtu asichukue matokeo ya vidonge akayabandika kwenye pakiti ya chai.

Kama ingekuwa hivyo tu, ningeendelea kuinywa kwa ladha yake. Wiki ya tatu pakiti ziliisha nikanunua maua makavu yaliyo wazi. Nilimimina kijiko kizima, vumbi la njano likapanda puani nikapiga chafya mara nne. Nikanywa. Kabla kikombe hakijafika nusu, midomo ilianza kuwasha, kisha kaakaa, kisha ndani kabisa ya masikio, pale kidole hakifiki. Nilidhani nimejiunguza. Lakini kuungua huuma mahali maji ya moto yalipogusa, na hakuwashi masikio. Usiku uliofuata niliacha chai ipoe kabisa, nikanywa mafunda mawili tu, na mwasho ukarudi uleule, safari hii mdomo wa chini ukavimba. Kujaribu mara ya pili lilikuwa kosa kubwa na nasema wazi asinifuate mtu, kwani mzio unaweza kuja na nguvu zaidi mara inayofuata.

Daktari aliniuliza swali moja ambalo sikulitarajia: ukikaa karibu na maua ya krisanthemamu unakuwaje? Nikakumbuka miaka yote ninavyotokwa na machozi na kamasi palipo na shada lake. Kamomaili ni ukoo mmoja na deizi, krisanthemamu, alizeti na pareto. Protini za chavua zao zinafanana kiasi kwamba mwili uliozoea kupigana na moja huweza kuishambulia nyingine, na ua lililokaushwa bado lina chavua yake. Kipimo cha ngozi, tone mkononi na kichomo kidogo, kilivimba ndani ya robo saa.

Aliniambia pia kwamba mwasho wa mdomo ni onyo. Ulimi au koo likivimba, pumzi ikabana, vipele vikaenea mwilini au mtu akaona kizunguzungu, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali, wala kidonge cha mzio cha nyumbani hakitoshi. Na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama wafarini amweleze daktari wake kabla ya kuinywa.

Kwa hiyo, kwa asiye na mzio huu, naiona ni kinywaji kizuri cha jioni, asitegemee zaidi ya hapo. Kwa anayepiga chafya karibu na maua hayo, naomba aiache, au apimwe kwanza.

Mimi sasa nasoma maandishi madogo ya kila kifungashio, natafuta majina ya kitaalamu ya kamomaili, Matricaria chamomilla au Chamaemelum nobile, maana chai nyingi zilizoandikwa tu kuwa za usiku huwa na ua hili ndani. Juzi nimelikuta hata kwenye mafuta ya midomo.