Wiki tatu na mfumo wa njia wa Godot 4: ngazi za Kadutu zilinifundisha kuhesabu

Natengeneza mchezo mdogo wa komputa kwa Godot 4, programu ya kutengenezea michezo, ambamo akina mama wanapanda na kushuka ngazi za Kadutu, hapa kwetu Bukavu, mizigo mgongoni. Ngazi nilizichora zifanane na zetu: vidato vya sentimita 30, upana wa mita 1.

Nilipobonyeza `Bake NavigationMesh` mara ya kwanza, wavu wa njia, yaani eneo ambalo wahusika wanaweza kukanyaga, ulitanda juu ya mlima na chini yake, lakini kwenye ngazi palikuwa patupu. Mama mmoja alifika kidato cha kwanza akaganda hapo. Nikachora ngazi upya mara mbili, kazi ya bure kabisa.

Kosa lilikuwa kwenye vipimo vyangu. Kabla ya kutengeneza wavu, Godot hukata umbo lote kuwa vipande kama matofali, kila kimoja mita 0.25 kwa upana na kwa kimo usipobadilisha. Kimo ambacho mhusika anaweza kupanda hushushwa kifuate idadi kamili ya matofali. Mimi niliandika 0.35, ikahesabiwa 0.25, hivyo kidato cha 0.30 kikawa ukuta. Nusu ya unene wa mhusika, yaani `agent_radius`, yenyewe hupandishwa: 0.3 yangu ikawa 0.5, ikala nusu mita kila upande, na ngazi ya mita 1 ikaisha yote. Dawa ilikuwa hii:

```
cell_size = 0.1
cell_height = 0.1
agent_max_climb = 0.4
agent_radius = 0.3
```

Badilisha pia `cell_size` na `cell_height` za ramani kwenye mipangilio ya mradi, la sivyo utapata maonyo kwamba hazilingani. Gharama ipo: eneo lilelile sasa lina matofali zaidi ya mara 6, na komputa yangu kuukuu inahema.

Kuruka mtaro ni rahisi kuliko nilivyoogopa. `NavigationLink3D` inaunganisha kingo mbili, lakini haimrushi mtu. Ishara `link_reached` ikija, mruko unauandika mwenyewe. Pale ambapo watu wanaruka kushuka tu, zima `bidirectional`, maana bila hivyo watatafuta njia ya kupaa.

Kupishana ndiko kunakonikera bado. `velocity_computed` inakupa mwendo usiogongana na wenzako, ila hesabu hiyo haiujui wavu: kwenye ngazi nyembamba anayekwepa anaweza kusukumwa hadi nje ya ukingo. Nilipunguza shida kwa desturi yetu wenyewe, kwamba anayepanda na mzigo hupewa njia: wanaopanda `avoidance_priority` 1.0, wanaoshuka 0.5. Aliye na namba kubwa hamkwepi mwenye namba ndogo, kwa hiyo anayeshuka ndiye anayejibana. Wanaoanguka wamepungua, ila mama mmoja wa kitenge chekundu bado anatumbukia mtaroni kila nikiweka watu zaidi ya 20.