Nilivyopunguza kijitabu cha megabaiti 297 kwa Compress Pictures ya Word

Nimekuwa nikitumia Word kwa miaka mingi bila kuifikiria sana kazi yake ya Compress Pictures, hadi nilipopewa jukumu la kuandaa kijitabu cha kumbukumbu ya miaka 25 ya shule yetu. Kilikuwa na kurasa za A4 na picha 46, na kilipofika megabaiti 297 kompyuta yangu mpakato ilihitaji dakika kadhaa kukifungua, kisha ikawa inaganda kila nilipopita ukurasa wenye picha nyingi. Mchapaji naye alikuwa ameshasema wazi kwamba hapokei picha zilizofifia.

Kabla ya kupunguza chochote nilitaka kujua uzito unatoka wapi. Faili la docx kwa hakika ni kifurushi cha zip, kwa hiyo nilitengeneza nakala, nikabadilisha mwisho wa jina lake kuwa `.zip`, nikaifungua na kuingia folda ya `word/media`. Humo picha zote zilikuwa zimepangwa na ukubwa wake. Picha 38 za JPEG zilizotoka moja kwa moja kwenye simu zilikuwa na wastani wa megabaiti 4 kila moja, ilhali nane tu zilizoandikwa PNG zilikula takriban megabaiti 18 kila moja, yaani karibu nusu ya faili zima. Hizo nane ndizo nilizozinakili kutoka programu ya kuchorea na kuzibandika, badala ya kuziingiza kama faili. Nilizirudishia JPEG zake za awali kwa Change Picture, na faili likashuka hadi karibu megabaiti 184 bila kupoteza chochote.

Zilizobaki zilikuwa kubwa kupita mahitaji. Picha ya simu yenye upana wa pikseli 4000, ikiwekwa kwenye nafasi ya sentimita 8, inabeba takriban pikseli 1270 kwa kila inchi, ambapo mchapaji wetu aliomba 300. Ziada hiyo haionekani kwenye karatasi hata kidogo.

Nilibofya picha moja, nikaenda Picture Format, kisha Compress Pictures. Mara ya kwanza nilihifadhi na faili likabaki karibu vile vile, nikaanza kuilaumu kompyuta. Kosa lilikuwa langu: kisanduku cha Apply only to this picture huja kikiwa na tiki, kwa hiyo nilikuwa nimepunguza picha moja tu. Nilikiondolea tiki, nikaacha tiki kwenye Delete cropped areas of pictures, kwa sababu sehemu uliyoikata huendelea kubaki ndani ya faili ikiwa imefichwa tu, kisha nikachagua HD (330 ppi). Baada ya kuhifadhi, faili lilikuwa megabaiti 19, nalo likafunguka kwa sekunde chache.

Kuna chaguo la chini yake, Print (220 ppi), ambalo jina lake linamvutia mtu mwenye kazi ya kuchapisha. Nililijaribu kwenye nakala nyingine na faili likawa megabaiti 9. Nilichapisha ukurasa mmoja kwa kila namna: nyuso za wanafunzi sikuweza kuzitofautisha, lakini kwenye cheti cha usajili nilichokiskani, herufi ndogo za mhuri zilikuwa na kingo zilizochakaa. Hata kwa 330 sikuridhika na mhuri ule. Nilikitoa cheti, nikapunguza picha nyingine zote na kuhifadhi, kisha nikaingia File, Options, Advanced, nikaweka tiki kwenye Do not compress images in file, ndipo nikakirudisha. Bila tiki hiyo, Word ingeweza kukipunguza tena wakati wa kuhifadhi.

Lawama yangu kwa Word ni kwamba haikuonyeshi faili litakuwa na ukubwa gani kabla hujakubali, wala haikuambii picha ipi ndiyo nzito. Bila ile njia ya zip ningeendelea kubahatisha. Isitoshe, hesabu yake hufuata ukubwa wa picha ulivyo kwenye ukurasa wakati huo. Picha iliyopunguzwa ikiwa na sentimita 8, ukiivuta baadaye hadi 16, itabaki na pikseli 165 kwa inchi, na ukishafunga faili hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo mpangilio wa kurasa uishe kwanza, na nakala ya awali iwekwe pembeni.

Picha moja tu ilinishinda. Ya jalada ilikuwa imetumwa kwa WhatsApp ikiwa na upana wa pikseli 1600, na ilipotandazwa kwenye sentimita 21 za A4 ilitoa 193 kwa inchi. Nilimpigia aliyeipiga, akaniletea ya awali kwenye flashi.