Moku ya spikingi ya IELTS hapa Mbeya, uzoefu wangu

Nimefanya moku ya spikingi, yaani jaribio la sehemu ya kuongea ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, na mwalimu mmoja hapa Mbeya na naipendekeza kabisa. Sehemu nyingine niliyowahi kwenda walinipa bendi 6.5, yaani kiwango cha maksi, na neno moja tu, "punguza lafudhi", sasa hapo unaondoka na nini? Lafudhi ya Kinyakyusa yenyewe haikukatishi maksi, kinachoangaliwa ni kama msikilizaji anakuelewa bila kuhangaika, na mkazo wa maneno unauweka panapotakiwa.

Huyu anakurekodi mwanzo mwisho, dakika 11 hadi 14 kama mtihani wenyewe, halafu mnasikiliza wote wawili karatasi ya vigezo vya bendi ikiwa mezani. Vigezo ni vinne, ufasaha, msamiati, sarufi na matamshi, uzito sawa.

Kwenye sehemu ya pili ya mtihani niliambiwa nieleze soko ninalolijua, unapewa dakika moja ya kujiandaa, nikaongelea Mwanjelwa. Kila niliponyamaza mwalimu aliweka alama. Nilisita kidogo nikiwaza niongeze nini kuhusu wauza ndizi, akasema hiyo wala isikutishe, hata mtu wa bendi 8 anasita akitafuta cha kusema. Ila nilipofika kwenye malori ya viazi kutoka Isyonje kitenzi kilinikwama katikati ya sentensi, nikarudi mwanzo, nikabadilisha, nikarudi tena, na hapo inasikika wazi kabisa kwamba hoja ninayo, lugha ndo sina. Huko ndo kunashusha ufasaha. Bendi 5 ni mtu anayeendelea kuongea kwa kutegemea kurudiarudia, kujisahihisha au kuongea polepole, bendi 6 anaongea kwa kirefu bila kusukumwa ila mtiririko unampotea hapa na pale. Akanipa 6, kwa sababu baada ya malori niliendelea vizuri mpaka aliponikatisha.

Msamiati 6, matamshi 7, sarufi 5, maana sentensi fupi zilikuwa safi ila ndefu za "kama mvua isingenyesha" zilivunjika karibu zote. Jumla 24, gawa kwa 4, ni 6. Mimi nahitaji 6.5, yaani jumla 26, kwahiyo sarufi ikipanda peke yake kwenda 6 bado haitoshi, lazima na kigezo kingine kipande, mfano ufasaha. Bahati nzuri vyote viwili vinakwama kwenye vitenzi vilevile, so ndo nimeanza navyo.

Kwenye cheti halisi hutaona mgawanyo huu, unapata bendi moja tu ya spikingi, ndo maana moku ya namna hii ina faida. Ila ile 7 ya matamshi aliitoa haraka mno bila kunionyesha mfano hata mmoja kwenye rekodi, na yeye mwenyewe alisema sio mtahini rasmi, hizo ni makadirio. Ukienda mwombe arudie rekodi na kwenye matamshi pia.