Kuhosti Minecraft kwa bando la simu: playit.gg au Tailscale?

Mambo vipi wadau, leo tunachambua huduma mbili za rilei, playit.gg na Tailscale, kwa ajili ya yule anayetaka kuhosti Minecraft Java kwenye laptopu yake akitumia intaneti ya laini ya simu, washkaji waingie toka mikoani au hata toka Mombasa. Kama umeshaangalia video za kufungua poti kwenye ruta ukafuata kila kitu na bado mwenzio anaandikiwa Connection timed out basi kaa hapa, maana tatizo huenda haliko kwenye ruta yako kabisa.

Iko hivi. Mitandao mingi ya simu haikupi IP yako peke yako, inachukua IP moja ya nje inawagawia wateja kibao kwa pamoja, hiyo ndiyo inaitwa CGNAT. Wewe ukitoka kwenda nje mtambo wao unakumbuka kwamba huyu ndiye aliyeuliza, jibu likirudi wanakuletea. Lakini mshkaji akija toka nje bila wewe kumtafuta kwanza, mtambo haujui ampeleke kwa nani kati ya wote wanaotumia IP ile, unamtupa. Na poti ya kufungua iko kwenye mtambo wa kampuni, sio kwako, kwa hiyo hata ukae kwenye ruta usiku kucha hamna kitu.

Kujua kama uko humo ni rahisi. Zima waifai, washa data, ingia Settings kwenye simu, About phone, utafute IP address. Halafu fungua tovuti yoyote ya kuonyesha IP yako ulinganishe. Zikiwa tofauti, na ile ya kwenye simu inaanza na 10 au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi ni CGNAT. Usiangalie IP ya laptopu, ile 192.168 umepewa na hotspoti ya simu yako tu. Na fanya hivi kabla hujaweka Tailscale, kwa sababu Tailscale nayo inatoa IP za kundi hilo hilo la 100.64 mpaka 100.127, utachanganya mambo.

Rilei inafanyaje sasa? Laptopu yako ndiyo inatoka kwenda kwenye seva ya kati na kuiacha njia wazi, washkaji nao wanaenda kwenye seva hiyo hiyo, nayo inapokea na kupitisha. Kwa kuwa wote mmeanza wenyewe kutoka ndani, mtambo wa kampuni hauna sababu ya kumtupa mtu.

Tuanze na playit.gg. Unashusha programu yao unaiwasha, inakupa linki ya kuiunganisha na akaunti yako, kisha kwenye tovuti unatengeneza tunnel, unachagua Minecraft Java, upande wa kwako unaweka 127.0.0.1 na poti 25565. Wanakupa anwani yenye jina, unaituma kwenye grupu, mwenzio anaibandika kwenye Multiplayer anaingia. Hainstali kitu chochote! Hapo ndipo ninapoipenda, kwa sababu kwenye kila grupu kuna mtu mmoja ambaye ukimwambia ainstali programu nyingine ndio umemkosa usiku huo.

Wengi wanakwama sehemu moja. Ukifungua dunia yako kwa Open to LAN, ukiacha kama ilivyo gemu inachagua poti yoyote inayotaka, na kwenye chati inakuandikia Local game hosted on port halafu namba. Kama ile namba sio 25565 basi tunnel yako inagonga mlango ambao hauna mtu, programu inaonyesha iko sawa kabisa ila hakuna anayeingia. Kuanzia toleo la 1.19.3 unaweza kuandika poti mwenyewe pale pale, andika 25565. Ukitumia seva kamili poti inakuwa hiyo hiyo siku zote.

Sasa tuongee pingi, maana hapa ndio utamu na uchungu wa rilei. Chukua wewe uko Dar, mshkaji Mombasa, kati yenu ni kama kilomita 300 hivi. Rilei ikiwa Frankfurt, kila anachobonyeza kinaenda Ulaya kwanza ndio kinarudi Dar, karibu kilomita elfu 7 kwenda na elfu 7 kurudi, na jibu linapita huko huko. Jumla kama elfu 28, na mwanga kwenye faiba unaenda kama kilomita laki 2 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 140 hata kabla ya kuhesabu nyaya ambazo hazinyooki na simu yenyewe. Kujenga nyumba na kuchimba utaweza bila shida. Kupigana upanga, utampiga mtu ambaye ameshahama.

Ndio maana kwa grupu la kudumu, watu watatu wanne wanaocheza kila wikiendi, mimi naipa Tailscale. Kila mtu anainstali, wewe unamshea kompyuta yako kwa linki, anaingia kwa IP yako ya Tailscale na poti 25565. Tailscale inajaribu kwanza kuwaunganisha moja kwa moja, ikishindikana ndio inapita rilei zao, na wana rilei Nairobi na Johannesburg, kwa hiyo ile safari ya Ulaya inaepukika. Usibahatishe, andika hivi:

```
tailscale netcheck
tailscale ping jina-la-kompyuta
```

Ya kwanza inakuonyesha rilei iliyo karibu kuliko zote, na ukiona MappingVariesByDestIP: true ujue mtandao wako unabadilisha poti kwa kila unayeongea naye, na mwenzio naye akiwa hivyo basi moja kwa moja ni ngumu, mtapita rilei. Ya pili ikiandika via DERP(nbo) mnapita Nairobi, ikiandika IP na poti mmeshaungana wenyewe.

Bando nalo liangalie, anayehosti ndiye anayewatumia wote ramani. Kwenye server.properties kuna view-distance, kawaida ni 10, maana yake kila mchezaji anaandaliwa mraba wa chanki 21 kwa 21, ambazo ni 441. Shusha mpaka 6 zinabaki 169. Kwenye laini ambayo apulodi yake ni ndogo hiyo moja tu inapunguza kukwama sana, hasa mtu anapoanza kukimbia sehemu mpya.

Na kwa mnaotumia playit, ile anwani ikivuja mtu yeyote anaweza kugonga, kwa hiyo kwenye konsoli ya seva weka:

```
whitelist on
whitelist add JINA
```

Halafu mtu akikusumbua mfungie kwa ban na jina lake, achana na ban-ip. Wachezaji wanaopita kwenye rilei wanaweza kuonekana kwenye logi na IP inayoanza na 127, kwa sababu kwa seva yako wote wanatokea kwenye ile programu iliyo ndani ya laptopu, ukifungia IP hiyo unaweza kuwafungia wote kwa mpigo, na usielewe kwa nini grupu zima limeshindwa kurudi.