Tahadhari, Lubumbashi: anauza harusi ya "pelikuli" iliyopigwa kwa dijitali

Ndugu zangu mnaojiandaa kwa harusi, kuna mpiga picha anazunguka Bel-Air na Kamalondo na kamera nzee ya Bolex begani. Anasema anapiga harusi kwa pelikuli ya milimita 16, ule utepe wa zamani, ndiyo maana bei yake ni mara tatu ya wengine. Shangazi yangu alimlipa dola 1,200. Baada ya siku nne tukaletewa flashi yenye vidio ya dakika 38, punje zimejaa, yaani vile vidoa vidogo vya filamu za zamani, rangi ya kahawa. Shangazi alifurahi sana. Mimi kazi yangu ni montaji, nikaomba niitazame peke yangu.

Kilichonishtua kwanza ni hotuba ya mjomba. Dakika 14 mfululizo, bila kukatika, na sauti safi. Sasa Bolex ya kukaza springi, kama ile aliyobeba, inakwenda kama nusu dakika tu, halafu inasimama mpaka uikaze tena. Ndani yake inaingia bobini ya futi 100, nayo kwa picha 24 kwa sekunde inaisha kwa dakika 2 na sekunde 46. Kwa dakika 38 angehitaji bobini 14, hata kama hakupoteza picha moja. Hakuna aliyemwona akibadilisha bobini. Tena Bolex hiyo hairekodi sauti, na inanguruma kama cherehani. Ila kijana wake, yule aliyesema anapiga "za akiba" kwa kamera ndogo ya dijitali, alikuwa kazini kutwa nzima.

Nikaifungua vidio kwenye VLC, nikasogeza picha moja moja kwa kubonyeza `E`. Kwenye pelikuli, punje ndiyo picha yenyewe. Chembe za chumvi ya fedha zimetawanyika ovyo kwenye utepe, kila picha ina zake, kwa hiyo mpangilio haurudi kamwe. Kwenye vidio yetu kulikuwa na unywele mdogo juu kushoto. Ukatoweka, na baada ya sekunde 10 ukarudi palepale, na punje zilezile zikiuzunguka. Yaani ni kipande cha sekunde 10 cha punje za kununua, kimelazwa juu ya picha na kuzungushwa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Na kililazwa kizembe. Pelikuli ya negativu ikipata mwanga kidogo, zinazoitika ni zile chembe kubwa zenye wepesi wa mwanga, ndiyo maana vivuli huwa na punje za kukwaruza, na nguo nyeupe yenye mwanga wa kutosha huonekana laini. Hapa suti nyeusi ya bwana harusi na gauni la bibi harusi vilikuwa na punje za aina moja, nguvu moja. Hata mistari myeusi ya juu na chini ya skrini, ambayo hakuna kamera iliyoipiga, ilikuwa inachemka punje.

Makali nayo yalimsaliti. Kichwa cha mjomba mbele ya dirisha kilikuwa kimezungukwa na uzi mweupe mwembamba, kama kimechorwa kwa kalamu. Hiyo ni dijitali iliyonolewa kwa nguvu ndani ya kamera. Mpaka wa kitu kwenye milimita 16 ni mlaini zaidi. Dirisha lenyewe lilikuwa jeupe tupu, wakati negativu ingehifadhi walau kivuli cha mwembe ulioko nje. Na wageni walipowasha flashi za kamera zao, mwanga ulijaa nusu ya juu ya picha tu, ukakatwa na mstari ulionyooka. Kihisi cha dijitali husoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, ndiyo maana flashi fupi inagawanyika hivyo. Alama hiyo ilijitokeza mara sita.

Niseme ukweli: picha za yule kijana si mbaya. Kwa dola 400 ningemsifu. Na wapo wanaoweka punje kwenye dijitali kwa uzuri wake na kumwambia mteja wazi, sina ugomvi nao.

Tulipompigia yule mpiga picha, alisema aliisafisha pelikuli yote nyumbani kwake usiku uleule. Tukamwomba negativu. Akasema zimetupwa, "baada ya kuskani hazina kazi". Mtu aliyepiga pelikuli kweli hatupi negativu ya harusi ya watu.

Shangazi amerudishiwa dola 300 mpaka sasa. Kama mmeshamlipa malipo ya mwanzo, msimwambie afungue kamera, maana atasema mwanga utaunguza pelikuli, na hapo atakuwa sahihi. Andikeni kwenye mkataba kwamba salio litalipwa siku atakapowakabidhi bobini za negativu, zenye namba za kiwanda zilizochapwa pembeni mwa utepe. Jirani yetu alimpelekea karatasi hiyo Jumatatu. Hajajibu.