Akaunti ya muda kwenye Linux: ukomo wa nenosiri au tarehe ya mwisho ya akaunti?

Tuseme mkandarasi anafanya kazi hadi tarehe 30 Juni 2027, kwa akaunti `muda1`. Kuna njia mbili:

```
chage -M 30 muda1
chage -E 2027-07-01 muda1
```

Ya kwanza huweka ukomo wa siku 30 kwa nenosiri. Zikiisha, mtumiaji akiingia analazimishwa kuweka jipya, kisha anaendelea na kazi. Hapo ndipo wengi hukosea: wanadhani wamemfungia, kumbe wamemwongezea siku 30 nyingine. Ukiongeza `-I 7`, akaunti hufungwa asipobadilisha ndani ya siku saba, lakini anayeingia mara kwa mara hafungwi kamwe.

Ya pili hufunga akaunti yenyewe, hata kwa anayeingia kwa ufunguo wa SSH. Nimeandika Julai 1 kwa makusudi, kwani siku unayoitaja tayari haingiliki. Ukiandika Juni 30 utamnyima siku yake ya mwisho. Udhaifu wake ni kwamba haimtoi aliyekwisha kuingia, hivyo siku hiyo angalia kwa `who`. Mkataba ukirefushwa, ni wewe utakayesogeza tarehe.

Kwa usumbufu, `-E` ina nafuu: mtumiaji hasumbuliwi hadi mwisho. Nenosiri likiwa limepitia mikono kadhaa, `-M` inafaa zaidi, au `chage -d 0 muda1` ili alibadilishe mara ya kwanza anapoingia. Kwa mkandarasi mwenye tarehe inayojulikana, mimi huweka zote mbili, kisha nahakiki:

```
chage -l muda1
```