Uzoefu wangu na mkopo wa apu: nilirudisha 13,600 kwa pesa 8,800, na rekodi bado ikaandika sijalipa

Naandika hii kwa sababu nimeona watu wanazipima apu za mikopo kwa kuangalia inatoa pesa haraka au haitoi. Kwenye haraka sina shida nayo, nilijaza namba ya kitambulisho, nikaruhusu isome meseji zangu, na ndani ya dakika kama tano hivi pesa ikawa kwenye simu. Shida yote ilikuwa kwenye kitufe cha kuongeza siku na kwenye kulipa siku ya mwisho, na hapo ndipo nataka nikae.

Niliomba 10,000 kwa siku 14. Kilichoingia ni 8,800, maana ada yao ya 12% wanaikata mwanzoni kabisa, ila unadaiwa 10,000 nzima. Kwa hiyo ile 12% kwenye skrini sio yenyewe, maana unalipa 1,200 kwa kutumia 8,800, hiyo inakaribia 13.6%, tena kwa wiki mbili tu. Mwaka una wiki mbili 26, zidisha uone, inapita 350%. Sikupiga hesabu hii siku ile, niliona 12 nikalinganisha kichwani na riba ya benki ambayo ni ya mwaka mzima, na hapo nilikosea vibaya.

Siku ya 14 ikafika pesa niliyokuwa naisubiri haijaingia. Apu ikaniletea meseji ya upole kabisa, lipa 1,200 uongezewe siku 14. Nikalipa, nikalala vizuri, kichwani nikijua nimebakiza 8,800. Kesho yake nafungua naona deni 10,000 vilevile! Nikapiga simu nikijua ni hitilafu, yule kijana akaniambia dada hiyo 1,200 ni ada ya kuongeza muda, haiingii kwenye deni. Ina maana umenunua siku 14 nyingine na deni limekaa palepale halijaguswa.

Nikafanya hivyo mara tatu. Sio kwamba sikuelewa, ile ya pili na ya tatu nilielewa vizuri sana, ila ukiwa na 1,500 mkononi huna jinsi ya kulipa 10,000, na apu yangu ilikuwa haikubali ulipe kidogo kidogo halafu siku zisogee, ni ulipe yote au ununue siku. Mkopo wa kawaida ukilipa 1,500 deni linapungua, hapa halipungui. Mara tatu ni 3,600, mwishoni nikalipa 10,000 yenyewe, jumla 13,600. Toa 8,800 niliyopokea, gharama ni 4,800 kwa siku 56, zaidi ya nusu ya pesa niliyoishika. Kama hujawahi kubonyeza kile kitufe, kabla hujabonyeza jiulize kitu kimoja tu, siku hizo 14 zikiisha hiyo 10,000 itatoka wapi, na kama huna jibu basi bora 1,200 yako ubaki nayo uwapigie uombe kulipa kwa awamu, wapo wanaokubali ila hawaandiki popote kwenye apu.

Sasa siku ya 56. Nililipa saa tano na dakika 40 usiku, nikapata meseji ya muamala, nikashukuru, nikaifuta apu kwenye simu kwa hasira maana nilikuwa nimechoka nayo. Nikajua yameisha.

Miezi minne baadaye naomba mkopo kwenye chama chetu cha akiba na mikopo, afisa anarudi ananiambia una deni lisilolipwa kwenye taasisi ya taarifa za mikopo. Nikabisha sana. Akageuza skrini nikaona mwenyewe, jina la mkopeshaji, salio 220, kuchelewa zaidi ya siku 90. Mia mbili na ishirini!

Nilivyofuatilia ndio nikaelewa. Muamala ulitoka kwangu saa tano na dakika 40 ila kwenye sistimu yao uliingia saa sita na dakika 7, yaani siku imeshageuka. Saa sita kamili sistimu ilishaweka faini ya siku moja, 1% ya deni, ambayo ni 100. Na malipo yakiingia hayaendi moja kwa moja kwenye deni, yanalipa faini kwanza, halafu ada, deni ndio la mwisho. Kwa hiyo 10,000 yangu ikakatwa 100 ya faini, 9,900 ikaenda kwenye deni, ikabaki 100, na hiyo 100 iliyobaki kwa sistimu ni deni lenyewe, sio faini. Ikaendelea kuongezeka 1 kila siku, na meseji zote za kukumbusha zilikuwa zinakuja ndani ya apu ambayo nilishaifuta. Ilipopita siku 90 wakaipeleka kama mkopo ulioshindikana. Kwa anayesoma ripoti, kushindwa kulipa 100 na kushindwa kulipa 10,000 kunaonekana karibu sawa, kwa sababu jicho linaenda kwenye siku za kuchelewa kabla ya kiasi.

Nikalipa ile 220 siku hiyohiyo, nikaomba barua ya kuthibitisha sidaiwi. Ila barua haibadilishi rekodi, hili wengi hawalijui. Anayebadilisha ni mkopeshaji akituma taarifa mpya, na huyu wangu alikuwa anatuma kwa mkupuo mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nilikaa wiki kadhaa nina barua mkononi na rekodi bado chafu. Nikapeleka malalamiko kwenye taasisi yenyewe pamoja na skrinshoti ya muamala yenye saa, na ile barua, wao ndio wakambana mkopeshaji mpaka akasahihisha. Sasa hivi inasoma imelipwa, salio 0. Lakini mstari wa kuchelewa siku 90 na zaidi haujafutika, unabaki kwenye historia, maana kweli kuna pesa ilikaa bila kulipwa hata kama sikujua. Afisa wa chama alikuwa muungwana, akasema niombe tena baada ya miezi sita waone mwenendo mpya juu ya ule wa zamani.

Kitu kilichoniuma zaidi ni kwamba ningeweza kugundua kwa dakika mbili. Ukilipa, usiishie kwenye meseji ya muamala, ile inasema pesa imetoka kwako, haisemi deni limeisha. Rudi kwenye apu kesho yake asubuhi, baada ya siku kugeuka, uone imeandika 0, piga skrinshoti, ndio ufute. Na ulipe siku moja kabla, sio usiku wa mwisho.

Apu nayo inanitumia meseji mpaka leo, limiti yako imepanda, sasa unaweza kupata 15,000. Kwao mimi ni mteja mzuri, nimelipa ada nne kwa mkopo mmoja. Siichukui. Nimeomba ripoti yangu tena mwezi huu kuhakikisha ile 0 bado ni 0, na ipo.